Kutosha majina hakutoshi

Ujumbe uliingia mu simu yangu Jumanne asubuhi, na chini yake kulikuwa fishie ya Excel. Mama muuguzi, mkuu wa kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, aliandika hivi: «Jambo Papa. Hii njo liste ya bagonjwa betu bote ba dawa ya sida. Tunataka kujua juu ya nini bamoja banakosa randevu ya dawa. Ututolee hesabu mbele ya mukutano wa siku ya tano. Aksanti.»

Ndugu msomaji, kituo sitakitaja. Hata hesabu na kazi za watu utakazosoma hapa nimezibadilisha, juu mtu asijitambue wala asitambuliwe na jirani yake. Lakini njia tuliyopita siku ile ni ileile, na inaweza kumsaidia kila mtu anayepokea liste ya watu: wa hospitali, wa shule, wa likelemba, wa kampuni ya migodi.

Kazi yangu ni kuhesabu. Na kwa kazi hii nimejifunza kwamba saa ya kwanza haihesabiwi kitu. Nilifungua fishie nikasoma paka mstari wa juu, ule wenye vichwa vya kolone. Kulikuwa kolone 14: jina, postinomu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kartye, avenyu na nimero ya nyumba, telefone, mtu wa kuita kama kuko shida, kazi, nimero ya kadi ya mgonjwa, tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya randevu ya mwisho, tarehe aliyofika, na mwisho kolone yenye kichwa «Maelezo». Chini yake mistari 386, kila mstari mgonjwa mmoja.

Nikafunga. Nikamwita.

«Mama, hii fishie umeituma kwa nani wengine?»

«Kwako, na mu grupe yetu ya WhatsApp ya kazi. Kuko shida?»

Shida iko. Mu liste ya malaria, siri ni ndogo. Mu liste hii, kuwa ndani tu njo siri yenyewe. Mtu akiona jina la jirani yake hapa hahitaji kusoma kolone nyingine. Kuko wanawake wanaokuja kuchukua dawa kituo cha mbali makusudi, juu kwa kituo cha karibu wanajulikana. Kuko mabwana ambao nyumba zao hazijui. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya sida, na kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 iko na sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi. Lakini hata bila sheria, mama huyu anajua vizuri kuliko mimi namna ndoa inavunjika kwa neno moja.

«Basi natosha majina, nakurudishia,» akasema.

Hapo njo watu wengi wanasimama, na hapo njo kosa linaanza.

Vikapu vitatu

Nilimwomba tugawanye kolone mu vikapu vitatu, mbele ya kufanya lolote.

Kikapu cha kwanza ni alama zinazomtaja mtu moja kwa moja: jina, postinomu, telefone, nimero ya nyumba, kadi ya mgonjwa, na yule mtu wa kuita. Huyu wa mwisho anasahauliwa kila mara. Yeye si mgonjwa, hakuomba kitu, lakini jina na nimero yake viko mu liste ya sida. Kolone hizi zote hazijibu ulizo letu. Hakuna mtu anayekosa dawa juu ya jina lake. Zinatoka.

Kikapu cha pili ni alama ambazo moja-moja hazisemi kitu, lakini zikikutana zinamwonyesha mtu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kartye, kazi, na tarehe za kufika kituoni. Kikapu cha tatu ni mambo tunayotafuta yenyewe: amechelewa siku ngapi, na kwa sababu gani.

Mama akauliza juu ya kikapu cha pili: «Lakini tarehe ya kuzaliwa, ni nani anaijua?»

Nilimpa habari ya Amerika. Mu miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti fishie ya matibabu ya wafanyakazi wa serikali na jamaa zao, watu karibu 135,000. Majina yalitoshwa, na gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba siri yao iko salama. Latanya Sweeney, wakati ule mwanafunzi, alinunua liste ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikokaa gavana, kwa dola 20. Liste ile ilikuwa na majina, anwani, jinsia na tarehe za kuzaliwa. Akaweka liste mbili pembeni-pembeni. Mu Cambridge watu sita walizaliwa siku moja na gavana. Kati yao watatu walikuwa wanaume. Na mmoja tu alikaa mu eneo lake la posta. Habari za matibabu za gavana zikawa mkononi mwake. Kisha Sweeney alihesabu kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na nimero ya posta vinatosha kumtenga peke yake Mwamerika 87 kwa 100. Hesabu ya mtafiti mwingine baadaye ilisema 63 kwa 100. Hata ukichukua ile ndogo, ni zaidi ya nusu ya nchi.

Huku kwetu hatuna nimero za posta za namna ile, lakini tuko na kartye, na mu kartye watu wanajuana. Soma mstari mmoja tu wa liste yetu, jina likiwa limetoka: mwanaume, 1961, Bel-Air, mkuu wa shule ya msingi. Ni wangapi? Wazazi wote wa ile shule wangemjua bila kutafuta.

Kuhesabu walio peke yao

Uzuri ni kwamba hatari hii inaweza kupimwa, si ya kukisia. Unauliza kila mstari: ni mistari mingapi inafanana na wewe kwa alama zote za kikapu cha pili? Kama jibu ni 1, mtu huyo yuko peke yake, anaonekana kama mnazi mu shamba la mihogo. Mu Excel ya kifaransa, kama alama nne ziko mu kolone B mpaka E, unaandika hii mu kolone ya pembeni kisha unaishusha mpaka chini:

```
=NB.SI.ENS(B:B;B2;C:C;C2;D:D;D2;E:E;E2)
```

Mama alifanya vile kwa kompyuta ya kituo, mimi nikimfuata kwa simu. Aliweka jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kartye na kazi. Kati ya mistari 386, mistari 241 ilitoa 1. Majina yote yalikuwa yametoka, na bado watu 241 walikuwa wamesimama peke yao, kila mmoja na uso wake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: «Sasa nikitosha na kartye, utajua namna gani kama ni umbali njo unawazuia?»

Hili ni ulizo la mtu anayejua kazi yake, na njo kiini cha mambo yote. Ukitosha kila kitu, siri inabaki lakini hesabu inakufa. Basi hatuanzi kwa kuuliza kitoke nini. Tunauliza: ulizo letu linahitaji nini kabisa?

Hatuhitaji kartye. Tunahitaji umbali. Na umbali yeye anaujua, mimi siujui. Kwa hiyo kolone ya kartye ilibadilishwa hukohuko kituoni, mbele ya fishie kutoka: chini ya nusu saa kwa mguu, nusu saa mpaka saa moja, zaidi ya saa moja. Kisha kartye ikafutwa. Hesabu ilipata kitu kizuri kuliko mbele, juu jina la kartye peke yake lisingeniambia kama mtu anavuka reli ao anazunguka.

Hatuhitaji tarehe ya kuzaliwa, tunahitaji rika. Tukafanya makundi matatu: miaka 15 mpaka 24, 25 mpaka 44, na 45 kupanda. Hatuhitaji «mkuu wa shule». Tunataka kujua kama kazi inamtosha mtu mu mji, kama shofere wa Kasumbalesa ao mchimbaji anayelala kwa migodi. Tukabakiza aina mbili: kazi ya hapa, na kazi ya safari.

Tarehe za kituo nazo ni mtego. Jirani aliyekuona umekaa kwa benchi ya kituo tarehe fulani anaweza kuitafuta tarehe ile mu liste. Tukatoa tarehe ya randevu kwa tarehe ya kufika, ikabaki hesabu ya siku za kuchelewa. Kwa kuwa mama alidhani mvua inachangia, tuliongeza kolone yenye neno moja, «mvua» ao «kiangazi». Na tarehe ya kuanza dawa ikawa «chini ya mwaka» ao «zaidi ya mwaka».

Tukarudia ile hesabu kwa jinsia, rika, muda wa kutembea na aina ya kazi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mtu lazima awe na wenzake, kundi lisipungue watu 5. Safari hii mistari 7 tu ilibaki chini ya kipimo: wanaume watatu na wanawake wanne, wote wa miaka 45 kupanda, wa mbali, wenye kazi ya safari.

Njia ya haraka ni kufuta ile mistari 7. Lakini angalia ni nani: wazee, wa mbali, wasafiri. Hawa njo huenda wanakosa dawa kuliko wote, na sisi tungewafuta mbele ya kuwasikiliza. Kwa hiyo tulifunika aina ya kazi kwa kila mtu wa miaka 45 kupanda anayekaa zaidi ya saa moja, si kwa wale 7 peke yao. Kama ungefunika kwa 7 tu, kifuniko chenyewe kingewaonyesha. Wanaume wakawa kundi la 9, wanawake kundi la 12. Hakuna aliyepotea.

Majira na muda wa dawa hatukuviweka mu ile hesabu, juu jirani hawezi kuvijua kwa kumtazama mtu tu. Lakini mama alifahamu kwamba kila kolone unayoongeza inavunja makundi kuwa vipande, na mtu anayemjua mgonjwa karibu sana, kama ndugu wa nyumba moja, anajua mengi kuliko jirani.

Kolone inayosema yote

Ilibaki kolone ya mwisho, «Maelezo». Hii hakuna formule inayoweza kuisafisha, juu watu wanaandika humo kama wanavyozungumza. Mama alisoma chache kwa sauti, kisha akaacha kusoma kwa sauti. Mmoja: bwana yake hajui, usiite kwa nimero hii. Mwingine: amehamia kwa dada yake, mwenye duka la dawa pembeni ya soko. Mwingine tena alikuwa na nimero ya telefone ndani ya maneno, baada ya sisi kufuta kolone ya telefone na kujisifu.

Hapa dawa ni jicho la mtu. Alisoma mistari yote 386, kazi ya saa mbili, na kwa kila mmoja akaandika neno moja kati ya matano: umbali, safari, kujificha, dawa haikuwako, haijulikani. Kisha maelezo yakafutwa kabisa. Lakini hapohapo tulipata jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: «kujificha» ilionekana mara nyingi kuliko alivyodhani.

Nimero ya siri isiyo siri

Nilitaka kila mstari uwe na nimero, juu nikiona kosa niweze kumwambia «angalia 217» bila kutaja mtu. Kijana wa informatike wa pale kituoni alikuwa na mawazo: tuchukue nimero ya telefone, tuipitishe mu formule inayoigeuza kuwa herufi ndefu zisizosomeka, iwe njo nimero ya mgonjwa.

Inaonekana ya akili, lakini njo mtego wa zamani. Mu 2014 mji wa New York ulitoa fishie ya safari za taksi za mwaka 2013, zaidi ya milioni 170, na nimero za taksi ziligeuzwa hivyohivyo. Nimero za taksi si nyingi. Mtaalamu mmoja alizichukua zote zinazowezekana, akazipitisha mu formule ileile, akalinganisha, na fishie nzima ikafunguka. Telefone zetu, baada ya 243, ziko na tarakimu 9 tu. Zote pamoja hazipiti miliare moja, na kompyuta ya kawaida inazimaliza upesi.

Nimero lazima itoke hewani, isitoke kwa mtu. Tulichanganya mistari kwanza, juu liste ilikuwa imepangwa kwa alfabeti: ukiipa nimero 1 mpaka 386 vile ilivyo, wa kwanza atakuwa wa A na wa mwisho wa Z, na herufi ya jina inarudi kwa dirisha. Kisha tukatoa nimero. Karatasi inayosema 217 ni nani ilibaki kituoni mu kabati yenye kufuli. Mimi sina nakala, na sitaki kuwa nayo.

Na hapa lazima tuseme ukweli: kwa muda ile karatasi inaishi, fishie haijawa bila mwenyewe kabisa. Kuko mlango, hata kama umefungwa. Kwa hiyo hata fishie iliyosafishwa hatuiweki mu grupe. Watu wawili tu ndio walikuwa nayo.

Mabaki

Mbele ya kutuma, nilimwomba mama asitume ile fishie aliyoifanyia kazi. Achukue kolone zilizobaki, azibandike kama maadili matupu mu fishie mpya. Fishie ya zamani inaficha vitu: kolone zilizofichwa lakini hazikufutwa, ukurasa wa pili uliosahauliwa, hata tabulo ya muhtasari ya Excel, ambayo inaweza kubeba nakala ya liste yote ndani yake baada ya ukurasa wenyewe kufutwa. Jina la fishie pia lilibadilika, juu la mbele lilikuwa na neno «sida», jina la kituo na mwezi.

Halafu ilibaki ile ya kwanza, iliyotumwa asubuhi. Mimi niliifuta kwa simu, kwa kompyuta na mu kapu la takataka. Yeye aliiondoa mu grupe, kisha akamwita kila mwenzake mmoja-mmoja, juu kama simu ya mtu ilikwisha kuishusha, kufuta kwako hakumfikii. Walikuwa tisa. Wawili walikuwa wameishusha. Mmoja wao, simu yake inachezewa na watoto nyumbani.

Fishie mpya ilinifikia siku ya nne jioni: mistari 386, kolone 9. Nimero, jinsia, rika, muda wa kutembea, aina ya kazi, majira, muda wa dawa, siku za kuchelewa, sababu. Hapo tu njo nilianza kuhesabu, na haikuchukua usiku mzima. Umbali ulikuwa na maana ndogo kuliko tulivyofikiri. Mvua karibu haina kitu. Waliochelewa zaidi walikuwa wanawake wa miaka 25 mpaka 44 wanaokaa chini ya nusu saa ya kituo, na sababu yao ilikuwa neno moja: kujificha. Wanakaa karibu, na kwa hiyo wanaonekana wakiingia.

Siku ya tano mama alienda mkutanoni na hiyo karatasi. Aliomba dawa ya miezi mitatu itolewe kwa mara moja kwa wanaotaka, na mlango wa nyuma ufunguliwe jioni. Mtu mmoja mkutanoni aliuliza: «Hawa banamuke ni ba nani?»

Akamjibu: «Papa, hata mimi sasa siwezi kukuambia kwa hii karatasi.»